Kubadili msingi wa vekta: kwa nini namba zinakwenda kinyume

Swali la mtihani la kubadili msingi wa vekta huwaangusha hata wanaojua kuzidisha matriksi usingizini. Hesabu inatoka safi, ila jibu ni la vekta nyingine kabisa. Tushike mfano mmoja tu. Msingi wa kawaida wa bapa ni e1 = (1, 0) na e2 = (0, 1). Msingi mpya, tuuite B, ni b1 = (2, 1) na b2 = (3, 2). Vekta yetu ni v = (7, 4), na tunatafuta majiranukta yake katika B, yaani b1 ngapi na b2 ngapi zinaijenga.

Dhana potofu: matriksi yenye vekta mpya hugeuza namba za zamani kuwa mpya.

Panga b1 na b2 kama safu wima, upate:

```
P = | 2  3 |
    | 1  2 |
```

Wengi hukimbilia kuzidisha P kwa (7, 4) na kuandika (26, 15). Sasa jaribu kulijenga jibu hilo: 26b1 + 15b2 ni (97, 56). Hiyo si v.

Ukweli ni kwamba P inafanya kazi upande wa pili: unaipa namba za B, inakurudishia namba za kawaida. Ukiwa na shaka, ipe (1, 0). Katika B, namba hizo maana yake ni "b1 moja, b2 hakuna", na P inatoa (2, 1), ambayo ndiyo b1 kwa lugha ya kawaida. Kwa hiyo kwenda B tunahitaji kinyume cha P:

```
| 2 -3 |   | 7 |   | 2 |
|-1  2 | x | 4 | = | 1 |
```

Hakiki: 2(2, 1) + 1(3, 2) = (7, 4). Imekaa.

Anayeona hili ni la ajabu akumbuke pishi na kibaba. Pishi moja ni vibaba vinne. Mchele wa pishi 3, ukiupima kwa kibaba, unasoma 12. Kipimo kimegawanywa kwa nne, namba ikazidishwa kwa nne. Vekta za msingi ni vipimo vyetu: zikibadilishwa kwa P, namba hubadilishwa kwa kinyume cha P. Na kama vile mchele haukuongezeka hata punje, v nayo haikusogea. Mshale ni ule ule, kilichobadilika ni namna ya kuutaja.

Dhana potofu: nisipoigusa b1, namba yake haibadiliki.

Hii ndiyo ninayoipenda, maana inaonekana haki tupu. Acha b1 kama ilivyo, badili ile ya pili tu: msingi C uwe c1 = (2, 1) na c2 = (1, 1). Vekta v sasa ni 3c1 + 1c2, kwa kuwa (6, 3) + (1, 1) = (7, 4). Tazama vizuri: tumebadili vekta ya pili, lakini namba iliyobadilika ni ya kwanza, kutoka 2 hadi 3. Ya pili imebaki 1!

Sababu iko ndani ya b2 yenyewe: (3, 2) = (2, 1) + (1, 1), yaani b2 = c1 + c2. Kila b2 uliyokuwa nayo ilibeba c1 moja tumboni. Ukiifungua, c1 hiyo inahamia kwenye hesabu ya wenzake. Namba ya kwanza hupimwa kwa kwenda sambamba na vekta ya pili hadi kuufikia mstari wa ya kwanza, kwa hiyo ukigeuza mwelekeo wa ya pili, unafika mahali pengine.

Hapo pia tumepata matriksi ya kutoka B kwenda C bila kupitia msingi wa kawaida. Andika b1 na b2 kwa namba za C: (1, 0) na (1, 1). Hizo ndizo safu wima:

```
| 1  1 |   | 2 |   | 3 |
| 0  1 | x | 1 | = | 1 |
```

Dhana potofu: kinyume hupatikana kwa kugeuza safu wima kuwa safu mlalo.

Hutokana na mifano ya kuzungusha mhimili, ambako vekta za msingi zina urefu wa 1 na zinakutana kwa pembe mraba. Pale njia hiyo ni sahihi. Kwa B haifai: b1 na b2 si za urefu wa 1, wala hazina pembe mraba kati yao. Ukiigeuza P hivyo na kuizidisha kwa (7, 4) unapata (18, 29), na 18b1 + 29b2 inakupeleka hadi (123, 76).