King'amuzi kuzidiwa na mawimbi ya mnara wa simu

Kuzidiwa kwa king'amuzi ni hali ambapo kifaa kinaingiliwa na mawimbi yenye nguvu kuliko kinavyoweza kuhimili, hata kama mawimbi hayo si ya tivii. Mtaa unapopata mnara mpya wa simu, hiki ndicho kisa cha kushuku kwanza. Antena haijaguswa, waya ni ule ule, wiki iliyopita picha ilikuwa safi, na sasa inavunjika vijiraba, sauti inakatika, kisha skrini inaandika "No Signal". Majirani husema mnara umeziba mawimbi. Mnara wenyewe ni vyuma vyembamba tu, hauwezi kuziba kitu cha maana. Kinacholeta shida ni yale mawimbi unayoyatoa.

Zamani za analogia, tivii ilimiliki masafa ya yuuechefu yote hadi megahezi 862. Kenya ilipozima analogia mwaka 2015, vituo vilibanwa chini, kati ya 470 na 694, kwa sababu mfumo wa dijitali unabeba vituo vingi katika nafasi ndogo. Sehemu ya juu ikaenda kwa simu. Mnara wa 4G unaotumia masafa ya 800 hutuma kati ya megahezi 791 na 821, na ule wa masafa ya 700 hutuma kati ya 758 na 803. Ila antena na busta nyingi madukani bado zimeundwa kupokea hadi 862. Kwa hiyo ile busta yako juu ya mlingoti haijui kwamba uwanja ule ulishapata mwenyewe mwingine. Inapokea yote na kuyakuza yote kwa usawa.

Tuchukue mfano wa nyumba iliyo Nyamasaria, mashariki mwa Kisumu. Tuseme mnara wa matangazo ya tivii uko kilomita 10 kutoka hapo na mnara mpya wa simu uko mita 200, upande ule ule antena inakoelekea. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Mnara wa simu uko karibu mara 50 zaidi, basi kama mitambo yote miwili ingekuwa na nguvu sawa, mawimbi ya simu yangefika kwenye antena yakiwa na nguvu mara 2,500. Tukikubali kwamba mtambo wa tivii unarusha kwa nguvu mara kumi zaidi, bado simu inaishinda tivii mara 250 pale antenani. Kisha busta inakuja kuongeza chumvi.

Ndani ya king'amuzi mna sehemu inayojirekebisha yenyewe: mawimbi yakiwa hafifu inayakuza, yakiwa makali inayapunguza. Ni kama jicho la dereva linapomulikwa na taa kali za lori usiku. Linajibana, na barabara iliyokuwa ikionekana vizuri inapotelea gizani. King'amuzi kikijibana kwa sababu ya mnara, mawimbi ya tivii yanashuka nayo hadi hayasomeki. Busta nayo ina kosa lake, tena baya zaidi. Ikilemewa inachanganya mawimbi na kuzalisha mengine ya bandia, na baadhi ya hayo huangukia katikati ya masafa ya tivii. Hapo uharibifu umeshaingia ndani ya nyumba.

Utajuaje kwamba ni kuzidiwa, na si waya ulioingia maji au antena iliyosukumwa na upepo? Fungua menyu ya king'amuzi utazame vipimo viwili, "Signal Strength" na "Signal Quality". Vyote viwili vikiwa chini, tafuta kosa kwenye antena au waya. Cha kwanza kikiwa juu na cha pili kikiwa kimeanguka au kinarukaruka, shuku mnara. Jambo jingine ni saa: wakati wa jioni, watu wengi wanapotumia intaneti, mnara unatuma kwa wingi zaidi na picha huzidi kuharibika.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji pesa. Toa busta, unga waya wa antena moja kwa moja hadi kwenye king'amuzi, halafu tafuta vituo upya. Picha ikirudi, umepata jibu, na pengine hata filta, kile kifaa cha kuzuia mawimbi ya mnara yasifike kwenye king'amuzi, huihitaji. Mafundi wengi hufanya kinyume chake: picha ikivunjika wanauza busta kubwa zaidi, na nyumba iliyo karibu na mnara inazidi kuumia.

Filta yenyewe ni kopo dogo la chuma lenye tundu la waya kila upande. Haitumii stima. Inaruhusu masafa ya chini yapite na kuyazuia ya juu. Tuseme inapunguza mawimbi ya mnara mara 1,000. Katika nyumba yetu ya Nyamasaria, mawimbi yaliyokuwa na nguvu mara 250 kuliko ya tivii yanabaki robo tu ya nguvu ya tivii, na king'amuzi hakina sababu ya kujibana tena. Nafasi iliyopo kati ya mwisho wa tivii, 694, na mwanzo wa mawimbi ya mnara, 758 au 791, ni pana kiasi kwamba hata filta ya kawaida inaweza kutenganisha.

Soma maandishi kabla ya kununua. Kuna filta za "4G" zinazopitisha hadi 790. Hizo zinafaa kwa mnara wa masafa ya 800, lakini mnara wa 700 utapenya kwa sehemu kubwa. Iliyoandikwa "470-694 MHz" inazuia yote mawili, na kwa hapa kwetu ndiyo ningeichagua.

Mahali pa kuiweka ndipo watu wengi wanapokosea. Inakaa kati ya antena na busta, juu kwenye mlingoti, wala si nyuma ya king'amuzi kwa sababu ni rahisi kufika hapo. Ile michanganyiko ya bandia ikishazaliwa ndani ya busta, iko kwenye masafa ya tivii kabisa, na filta haina namna ya kuitambua. Itaipitisha pamoja na picha yako. Kama huna busta, kuiweka nyuma ya king'amuzi ni sawa. Zile antena zenye busta iliyojengewa ndani ndizo zenye balaa, maana hakuna mahali pa kuingiza filta mbele yake. Hapo ni heri kuibadilisha kwa antena ya mifupa ya kawaida isiyotumia stima, kisha filta, kisha busta ikihitajika.

Filta pia hula kidogo mawimbi ya tivii, kama moja ya tano ya nguvu yake. Nyumba iliyokuwa ikipokea kwa shida tangu mwanzo inaweza isiufurahie upungufu huo; hapo kwanza hamishia antena upande wa pili wa nyumba, ili ukuta na mabati yakae kati yake na mnara wa simu. Na kama kelele zinatoka ndani ya masafa ya tivii yenyewe, kwa mfano kutoka kwenye balbu mbovu ya elidii au busta ya jirani iliyoharibika, filta haitasaidia hata kidogo. Zima balbu moja moja ukitazama kipimo cha "Signal Quality". Kikipanda ghafla, mnara hauna kosa.