Mkesha wa maombi ni nini, na watu hufikaje alfajiri

Mkesha, au kesha kama wengi wanavyouita Kenya, ni ibada ya usiku kucha ambayo makanisa ya Kipentekoste huifanya hasa Ijumaa, kuanzia saa tatu au saa nne usiku hadi kunapopambazuka. Kinachoutofautisha na ibada nyingine za usiku ni kwamba maombi yake hayasomwi kitabuni. Kiongozi hutaja hoja moja, kwa mfano wagonjwa wa kanisa, kisha waumini wote hupaza sauti kwa pamoja, kila mmoja kwa maneno yake, wengine wakinena kwa lugha, mpaka kiongozi aanzishe pambio au aseme "kwa jina la Yesu" na wote waitikie "amina".

Anayesikia akiwa nje hudhani ni vurugu, lakini hoja ndiyo inayoyashika maombi hayo. Hoja pana mno, kama "tuombee taifa", huwaishia watu maneno baada ya dakika tatu, ilhali hoja yenye sura, kama vijana wanaosubiri matokeo ya mtihani, humpa mwombaji jambo la kumwambia Mungu kwa robo saa nzima.

Saa ngumu ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja, kwa sababu wakati huo joto la mwili hushuka na usingizi huwa mzito kuliko saa nyingine yoyote. Dalili husikika kabla ya kuonekana: sauti hupungua, watu hurudia neno moja bila kuendelea, na waliopiga magoti huinamia viti wasiinuke tena. Kwa maoni yangu, kuhubiri saa hiyo ni kosa, maana msikilizaji aliyeketi kimya hulala hata akiwa na moyo wa kuomba. Mahubiri yawekwe kabla ya saa sita. Saa tisa watu wasimame, waombe wawiliwawili wakishikana mikono, au watembee kama yule mama aliyejifunga kanga kiunoni, anayefuata ukuta huku na huko akiomba, na watoto wake wamelala mkekani nyuma ya viti.

Maandalizi huanza mchana. Usingizi wa saa moja na nusu siku ya mkesha husaidia kuliko kahawa nyingi, na anayekunywa kahawa aigawe vikombe vidogo. Ugali wa kushiba saa mbili usiku humlemea mtu. Uji au matunda hutosha, na maji yawe karibu kwa ajili ya koo. Mwenye kisukari au anayetumia dawa kwa saa maalumu asiunganishe mkesha na mfungo kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Ibada ikiisha saa kumi na moja, uchovu bado uko mwilini, ingawa furaha ya maombi huuficha. Aliyekuja na pikipiki au gari ajinyooshe kwanza kwenye benchi la kanisa kwa nusu saa, au arudi kwa daladala.