Podikasti ya habari ya dakika tano: skripti inavyoandikwa, na kwa nini malalamiko yanatufikia

Miezi hii dawati letu la maudhui linapokea malalamiko mengi kuhusu podikasti fupi za habari, zile za kila siku ambazo mtu anarekodi chumbani saa kumi jioni na saa kumi na moja ziko hewani. Wengi wenu najua mna nia njema. Ila nikifungua faili la lalamiko na kusikiliza rekodi, mara nyingi tatizo lilishaingia kwenye skripti kabla maiki haijawashwa, kwahiyo leo nazungumzia skripti tu, vifaa mnavijua kuliko mimi.

Kabla ya hapo tumalize hili maana linanichosha. "Podikasti sio redio, hainihusu." Inakuhusu. Ukitoa habari na matukio kwa umma mtandaoni kwa Tanzania unahitaji leseni ya TCRA, chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake. Ukizivunja, faini haipungui milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote pamoja. Hiyo ni kanuni. Kuna na sheria yenyewe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo au za kupotosha: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Soma neno "isiyopungua" vizuri, hicho ni kiwango cha chini, sio cha juu. Na kwa uelewa wangu kusema "mimi nimesoma tu kilichokuwa kwenye grupu la WhatsApp" sio mahali pazuri pa kujificha, ila kwa kesi yako mahususi muone mwanasheria, mimi hapa naelimisha tu.

Haya, tuchukue siku moja ya kweli tuifanyie kazi. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025. Mnaikumbuka. Yanga na Simba walikuwa wacheze Benjamin Mkapa saa 1:15 usiku, Simba wakatoa taarifa kwamba hawatacheza kwa sababu usiku wa kuamkia mechi walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, Yanga waliokuwa wenyeji wakasema mechi iko palepale, alafu Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Siku hiyohiyo kitaifa ni Siku ya Wanawake, sherehe ziko Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mgeni rasmi Rais Samia. Wewe unarekodi jioni. Unaanza na nini?

Wengi wanaanza na Arusha kwa sababu ya cheo, na hakuna atakayekulaumu. Mimi ningeanza na mechi. Arusha ilijulikana tangu mapema kwamba itakuwepo na imekuwepo, ila kuahirishwa kwa mechi kunabadilisha jioni ya msikilizaji muda huohuo, kuna mtu ana tiketi mfukoni na yuko kwenye daladala anaelekea Temeke. Ndo kipimo changu cha mpangilio: habari ipi msikilizaji akiikosa sasa hivi atafanya jambo tofauti na alilopaswa kufanya. Hiyo inakwenda juu, zinazobaki zifuate kwa uzito. Na kuna za kutupa kabisa. Bei kikomo za mafuta za EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwezi ule ilikuwa tarehe 5, kwahiyo Jumamosi ukiisoma kama habari ya leo unamjazia mtu muda tu.

Sasa muda. Dakika tano ni sekunde 300 na hazijazi kama mnavyodhani. Kiswahili maneno yake ni marefu, "hawatakapokuwepo" ni neno moja lakini lina silabi nane, kwahiyo ile hesabu ya maneno 150 au 160 kwa dakika mnayoikuta kwenye miongozo ya Kiingereza itawafanya msome mkikimbia. Msomaji mtulivu wa Kiswahili nampa maneno 110 kwa dakika, wewe jipime na saa ya simu kwa kusoma kwa sauti, sio kimoyomoyo. Kwa siku ile ningegawa hivi: vichwa vya habari na muziki sekunde 25, mechi sekunde 110, Arusha 65, habari mbili fupi 35 kila moja, kufunga 20, na 10 za akiba maana utakohoa tu. Ukitoa muziki na akiba unabaki na maneno kama 490 kwa podikasti nzima. Nimeshaletewa skripti ya maneno 900 inayoitwa ya dakika tano.

Habari ya mechi sasa, na hapa ndo kwenye kutaja chanzo kwa mdomo, jambo ambalo likikosewa faili linakuja kwangu. Skripti mbovu ingesema: "Makomandoo wa Yanga wamewazuia Simba kufanya mazoezi na mechi imeahirishwa, kwa mujibu wa taarifa." Taarifa ya nani? Msikilizaji haoni alama za kunukuu, hana aya ya kurudia, sauti ikipita imepita. Akisikia "makomandoo wa Yanga wamewazuia" ameshalipokea kama jambo lililothibitishwa, hicho chanzo ulichokitupia mkiani hakimfikii. Kwenye maandishi chanzo kinaweza kukaa mwisho, kwenye sauti kinatangulia. Anayesema, kisha anachosema. Mimi ningeandika hivi:

"Bodi ya Ligi Kuu imeahirisha mechi ya Yanga na Simba iliyokuwa ichezwe leo saa moja na robo usiku, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Bodi inasema inahitaji muda wa kukusanya taarifa zaidi. Simba ndio waliotangulia kusema hawatacheza. Kwenye taarifa yao, Simba wanasema jana usiku walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, na wanawataja walinzi wa upande wa Yanga. Simba wanasema kanuni za ligi zinawapa haki ya mazoezi hayo. Yanga nao wametoa taarifa yao. Yanga wanasema mechi iko palepale, na timu yao imefika uwanjani."

Hesabu mara ngapi Simba wametajwa. Mhariri wa gazeti angekata, angeweka "wao" au "klabu hiyo". Kwenye sauti acha jina lijirudie, maana habari yenye pande tatu ukisema "klabu hiyo" nusu ya wasikilizaji wanadhani unamaanisha ile nyingine. Angalia pia kwamba kitenzi ni "wanasema" kwa pande zote. Ukisema Bodi "imesema", Yanga "wamesisitiza" alafu Simba "wanadai eti", umeshachagua upande na msikilizaji amekusikia. Saa nayo imeandikwa kwa maneno, "saa moja na robo", sio 1:15, kwa sababu msomaji akikutana na tarakimu katikati ya sentensi ataduwaa, au mbaya zaidi atasoma saa ya Kizungu.

Aya hiyo ina maneno karibu 80, kama sekunde 45. Sekunde zilizobaki mnataka kuweka sauti ya mtu, sawa, weka msemaji wa klabu au wa Bodi sekunde 20 hivi, lakini mtambulishe KABLA hajaongea, jina na cheo, na sentensi ya kumtambulisha isirudie anachokwenda kusema. Hili nalisikia kila wiki: "Msemaji amesema mechi haitachezwa", alafu sauti inaingia, "Mechi haitachezwa." Sekunde kumi zimeungua. Andika badala yake kitu kinachomfungulia mlango, mfano sababu ambayo Bodi imeitoa, alafu mwache yeye aeleze.

Viunganishi. Jamani, "wakati huohuo" na "kwingineko" mnavitumia kama chumvi. "Wakati huohuo" inamwambia msikilizaji mambo mawili yana uhusiano. Sikiliza hii, nimebadili mazingira lakini aina hii tumeipokea: habari ya kwanza polisi wanamshikilia mtu kwa tuhuma za wizi, ya pili mfanyabiashara fulani amefungua duka, na katikati msomaji ameweka "wakati huohuo, mfanyabiashara…". Mfanyabiashara alilalamika, na alikuwa na haki. Hakuna sentensi ya uongo hata moja mle ndani, uongo umetengenezwa na maneno mawili ya kuunganisha. Kama habari mbili hazina uhusiano usiutengeneze, nyamaza nusu sekunde, taja mahali, endelea. Kutoka mechi kwenda Arusha ile siku inatosha kabisa: "Arusha. Rais Samia Suluhu Hassan leo alikuwa mgeni rasmi kwenye kilele cha Siku ya Wanawake, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid." Sio lazima kulazimisha "kutoka uwanja mmoja hadi mwingine", ni ujanja mzuri kwenye karatasi ila unachekesha pasipotakiwa kicheko, na siku habari ya juu ikiwa ajali utajikuta umeuzoea.

Kiunganishi chenye kazi ni kile kinachobeba taarifa. Ukiwa na habari ya mvua ikifuatiwa na ya barabara kukatika, "Mvua hizohizo zimekata barabara ya…" ni sawa, mradi una chanzo kinachosema barabara imekatwa na mvua hizo, sio wewe uliyekisia. Na hapa kwenye mvua niongeze, TMA wana ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Sio maneno ya kubadilishana ili skripti ipendeze. TMA wakitoa angalizo wewe ukasoma "tahadhari kubwa" umepandisha ngazi mbili bila mamlaka yoyote, na mvuvi anayekusikiliza ataamua kwenda baharini au kubaki kwa neno lako. Taja pia taarifa imetolewa lini na inahusu siku zipi, kwa sababu podikasti inasikilizwa hata kesho yake.

Hilo la muda linahusu skripti nzima. Redio ikisema "hivi sasa" inaeleweka, podikasti haieleweki. Sentensi ya kwanza iwe na tarehe na saa uliyorekodi: "Ni Jumamosi tarehe nane Machi, saa kumi na mbili jioni." Ile mechi ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga wakashinda 2-0, na mtu anayekutana na podikasti yako ya Machi mwezi wa saba anatakiwa ajue yuko wapi.

Pembeni ya kila aya ya skripti, sehemu isiyosomwa, andika chanzo, saa ulipokipata na ulikithibitishaje, mfano "taarifa ya Bodi, imeonekana kwenye ukurasa rasmi, nimepiga simu kuhakiki". Nasisitiza ukurasa rasmi, maana barua za bandia zenye nembo ya klabu husambaa kabla ya barua halisi. Sisi tukipokea lalamiko tunakuandikia na kuomba vitu vitatu: rekodi kamili kama ilivyotoka, skripti, na uthibitisho wa chanzo. Wenye skripti yenye hayo maelezo wanajibu kwa ukurasa mmoja. Wasio nayo wanaanza kutafuta meseji za zamani kwenye simu, na kufuta rekodi baada ya kupata barua kunafanya mambo yawe mabaya zaidi, tafadhali msifute.

Ukikosea, sahihisho liende kwenye toleo linalofuata, baada tu ya vichwa vya habari, sio kwenye zile sekunde 20 za kufunga ambapo watu wameshazima. Sema mlisema nini, sahihi ni nini, nani amethibitisha. Sekunde 15 zinatosha, na uzitoe kwenye habari fupi mojawapo.