Ripoti ya kumaliza kliniki ya kiharusi: anza na lengo ambalo halikufikiwa

Siku ya mwisho ya kliniki ya mazoezi tiba, ndugu wa mgonjwa hupewa karatasi mbili au tatu zilizobanwa kwa pini. Wengi husoma mstari wa juu tu, "anaendelea vizuri", kisha zinakunjwa na kuwekwa pamoja na kadi ya bima. Sisi wataalamu wa mazoezi tiba wenyewe tumechangia hilo, kwa sababu ripoti nyingi tunaandika kana kwamba msomaji ni daktari mwenzetu. Lakini anayebaki na mgonjwa usiku, akampeleka chooni alfajiri, ni binti yake.

Katika makala hii nitaisoma ripoti moja pamoja nawe. Mgonjwa ni wa mfano. Nimechanganya mambo ya wagonjwa kadhaa ili asitambulike mtu. Ni mama wa miaka 61, mwenye presha ya siku nyingi, aliyepata kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Alilazwa siku 9, kisha akahudhuria kliniki mara mbili kwa wiki kwa wiki 8. Anakaa nyumba ya Kiswahili: vyumba viko pande mbili za ukumbi, choo kiko uani, na mlango wa kutokea uani una kizingiti cha sentimita 10. Kizingiti hicho kikumbuke, maana tutakirudia.

Mwanzoni mwa tiba yaliandikwa malengo matatu. La kwanza, kusimama kutoka kwenye kiti cha kawaida, cha sentimita 45, bila kushikwa na mtu. La pili, kutoka kitandani hadi choo cha uani, mita 18, kwa fimbo na bila kushikwa. La tatu alilitaja mama mwenyewe: kula kwa mkono wa kulia. Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa ameacha kula na wageni kwa sababu ya haya ya kupeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto.

Lengo la kwanza limefikiwa. Wiki ya kwanza alihitaji mtu mmoja wa kumnyanyua. Sasa anasimama na kukaa mara 5 mfululizo, mikono ameikunja kifuani, kwa sekunde 21. Bado ni polepole, ila ni kazi yake mwenyewe.

Lengo la pili limefikiwa nusu, na hapa ndipo ndugu wanapaswa kusoma taratibu. Mwanzo alitembea mita 10 kwa sekunde 48. Sasa anatumia sekunde 24, yaani mwendo wake umeongezeka maradufu, kutoka mita 0.21 kwa sekunde hadi 0.42. Chini ya 0.4 kwa kawaida mtu huishia kutembea ndani ya nyumba. Kati ya 0.4 na 0.8 huanza kutoka nje, lakini si mbali, na kuvuka barabara yenye magari bado ni hatari kwake. Mama huyu ndiyo kwanza ameuvuka mpaka. Kwenye kipimo cha Berg cha uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba, chenye alama 56, ametoka 24 hadi 41. Alama zikiwa chini ya 45 tunachukulia kuwa hatari ya kuanguka bado ipo. Ndiyo maana ripoti inasema anatembea peke yake ukumbini, lakini kwenye kizingiti cha uani awe na mtu pembeni. Ukiisoma kwa haraka, "anatembea kwa fimbo" inasikika kama ruhusa ya kumwacha aende chooni peke yake saa kumi usiku.

Lengo la tatu halikufikiwa, na limeandikwa hivyo hivyo, bila kupambwa. Bega na kiwiko vimepata nguvu kiasi. Kwenye vidole, msuli unacheza chini ya ngozi lakini kidole chenyewe hakifunguki. Tunajua kwamba mgonjwa ambaye siku za mwanzo kabisa anaweza kuinua mkono kwa pembeni na kunyoosha vidole hata kidogo, ana nafasi kubwa ya mkono wake kurudi kazini. Mama huyu hakuweza hata kimoja. Kwa maoni yangu lengo lile lilipaswa kupunguzwa wiki ya tatu, tukae naye tumwambie, badala ya kulibeba hadi siku ya mwisho. Lengo jipya kwenye ripoti ni mkono wa kulia kushikilia bakuli au sahani isiteleze, wakati wa kushoto unafanya kazi. Ni dogo, lakini linaurudisha mkono mezani, na mkono usiotumiwa kabisa hukunjamana na kukakamaa.

Mpango wa nyumbani umetokana na mistari hiyo. Una mambo manne tu, kwa sababu familia iliyopewa mazoezi kumi na mawili huyafanya kwa siku tatu ikayaacha.

La kwanza ni kusimama na kukaa. Kiti kiegemezwe ukutani kisiteleze. Avute miguu nyuma, visigino vikae nyuma ya magoti kidogo, na mguu wa kulia urudi nyuma zaidi ya wa kushoto kwa upana wa vidole vinne. Mguu uliorudi nyuma ndio unaobeba mzigo, na tunataka ubebe ule dhaifu. Mara 8, apumzike, arudie hadi seti 3, asubuhi na jioni. Kosa kubwa ni mgonjwa kusimama kwa mguu mzima peke yake, huku wote mnashangilia. Utalijua kwa kukaa mbele yake na kutazama pua: inapaswa kupanda katikati ya miguu miwili. Ikikimbilia kushoto kwake, mguu wa kulia haujafanya kitu, na hiyo usiihesabu. Akizimaliza seti zote kwa siku 3 mfululizo pua ikiwa katikati, tafuteni kiti kilichopungua urefu kwa sentimita 3 hivi. Njia rahisi ni kuanza juu ya blanketi lililokunjwa, kisha kupunguza mkunjo mmoja mmoja. Hatumwandai kuchuchumaa. Kwa choo cha shimo ripoti inapendekeza kiti cha mbao chenye tundu, kirefu sentimita 45, ambacho fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza.

La pili ni kizingiti chenyewe. Fimbo ishikwe kwa mkono wa kushoto, upande mzima. Akipanda, mguu mzima hutangulia. Akishuka, hutangulia mguu dhaifu, na fimbo huenda pamoja nao. Msaidizi asimame upande wa kulia, nyuma kidogo, ashike khanga iliyofungwa imara kiunoni. Asishike mkono wala kwapa. Mara 10 mchana kweupe, na si wakati ambao mama amebanwa na haja, kwa sababu haraka ya choo ndiyo inayoangusha watu. Tazameni goti la kulia: likirudi nyuma kwa kishindo kila anapokanyaga, punguzeni idadi na mtuletee taarifa.

La tatu ni kunyoosha shavu la mguu. Asimame akitazama ukuta, mguu wa kulia nyuma, kisigino chini, aegemee mbele hadi asikie kuvutwa. Sekunde 30, mara 4, kila siku. Shavu la mguu likifupika, kidole gumba cha mguu kinaanza kuburuza sakafuni, na kizingiti cha sentimita 10 kinakuwa ukuta.

La nne ni mkono. Akae mezani, kiganja cha kulia juu ya taulo, cha kushoto juu yake, asukume taulo mbele hadi kiwiko kinyooke, kisha arudi. Mara 20, mara mbili kwa siku. Baada ya hapo kiganja kikae wazi juu ya meza kwa dakika kumi, au kishikilie bakuli wakati anakula. Wengi hununua mpira wa kukamua. Mama huyu shida yake si kufumba vidole, ni kuvifungua, na mpira unafundisha kile ambacho mkono tayari unaelekea kukifanya wenyewe. Uacheni dukani.

Kuhusu bega, ripoti ina sentensi moja ninayopenda isomwe mara mbili: "Kuna nafasi ya upana wa kidole kimoja chini ya mfupa wa bega la kulia." Maana yake misuli inayoshikilia kiungo imelegea, na mkono unaning'inia kwa uzito wake. Kumnyanyua kitandani kwa kuvuta mkono huo, au kuuinua juu ya kichwa kwa nguvu "ili damu itembee", huleta maumivu yanayoweza kudumu miezi. Akikaa, mkono uwe juu ya mto. Wanaokuja kumchua kwa mafuta ya moto wakumbuke pia kwamba upande huo hausikii joto vizuri. Ngozi inaweza kuungua na mgonjwa asiseme lolote.

Kabla ya mazoezi apimwe presha kama kifaa kipo. Kikomo kilichoandikwa kwenye ripoti yake ni 180/110. Ikifika hapo apumzike dakika 15, ipimwe tena, na isiposhuka hakuna mazoezi siku hiyo na aende kituo cha afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ni kuacha papo hapo. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na linauma, lisichuliwe kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Na mdomo ukienda upande, mkono ukalegea zaidi au maneno yakavurugika ghafla, hicho ni kiharusi kingine mpaka hospitali iseme vinginevyo. Mpelekeni wakati huo huo, na mkumbuke saa mliyomwona mara ya mwisho akiwa sawa, kwa sababu ni miongoni mwa maswali ya kwanza ya daktari.

Nyuma ya ripoti tumechora jedwali la kujazwa kila Ijumaa: urefu wa kiti, sekunde za mita 10, na mara alizoanguka, hata kama hakuumia. Mita 10 zipimwe na kuwekewa alama ya chaki. Aanze kutembea mita 2 kabla ya alama na aishie mita 2 baada yake, ili mpime mwendo wake na si kuanza na kusimama. Viatu viwe vile vile, fimbo ile ile, saa ile ile. Sekunde moja au mbili zikizidi au kupungua si habari. Zikipita 30 kwa Ijumaa mbili mfululizo, au akianguka mara mbili ndani ya mwezi, msisubiri tarehe ya kurudi.

Tarehe hiyo ni wiki 6 kutoka siku ya ripoti. Aje na jedwali na fimbo yake, maana raba ya chini husagika kwenye sakafu ya saruji bila mtu kuona, na ikishaisha fimbo inateleza hapo hapo kwenye kizingiti.