Taarifa ya bidhaa mpya kwa vyombo vya habari: kwa nini nyingine hurudishwa

Dawati letu la habari limekuwa likipokea malalamiko mengi kutoka kwa kampuni ambazo taarifa zao za bidhaa mpya hazikuchapishwa. Tunaamini wengi hutuma kwa nia njema. Ieleweke hata hivyo kwamba taarifa kwa vyombo vya habari si tangazo la bure, na kupokelewa kwake si ahadi ya kuchapishwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni inaleta taa ya sola, na kichwa cha taarifa kinasema: "Suluhisho la kimapinduzi lazinduliwa." Kimezinduliwa nini? Kichwa kinachofaa ni: "Taa mpya ya sola yawaka saa 10 kwa chaji moja." Aya ya kwanza imalizie kazi: nani anaiuza, itapatikana lini, wapi na kwa bei gani. Bei ndiyo hufichwa zaidi, eti msomaji atapiga simu kuuliza. Hapigi.

Na hizo saa 10, taa ilipimwa ikiwa kwenye mwanga mkali au hafifu? Kama ni hafifu, andikeni hivyo hapo hapo, maana mnunuzi atagundua usiku wa kwanza. Maneno kama "bora kuliko zote" tunayafuta yasipokuwa na uthibitisho. Nukuu moja ya mkurugenzi inatosha, ilimradi iseme jambo. "Tunayo furaha kubwa" tunaikata.

Kinachotukwamisha zaidi ni mtu wa kuwasiliana naye. Wengine huandika namba ya mapokezi, ambako anayepokea hajasikia habari ya taa hiyo. Tunahitaji jina kamili, cheo, simu ya mkononi na baruapepe ya mtu mmoja ambaye ameisoma taarifa, ana ruhusa ya kuizungumzia, na hatakuwa likizo siku inapotoka. Akiwa na udhuru, wekeni na jina la pili.

Utaratibu wetu ni huu. Taarifa ikifika, tunapiga simu kuhakiki mtumaji na bei. Simu isipopokelewa tunajaribu tena kabla ya kufunga ukurasa, kisha taarifa inawekwa kando. Ikikosa jina la mwasiliani, inarudishwa bila kuhaririwa. Ikirudi vilevile, inapelekwa idara ya matangazo, na huko nafasi hulipiwa. Aliyetupa maelezo yaliyothibitika kuwa ya uongo, taarifa zake zinazofuata hazipokelewi bila vielelezo.

Jambo la mwisho ni masharti ya muda. Kama habari haipaswi kutoka kabla ya saa fulani, zungumzeni na mhariri kwanza, akubali, ndipo mtume. Kuandika "isichapishwe kabla ya Jumatatu" juu ya taarifa mliyokwisha kuisambaza kwa kila mtu ni ombi tu, na mwandishi ambaye hakukubaliana nanyi anaweza kuichapisha Jumamosi.