Nishati ya chumvi haitoki kwenye kuhamisha elektroni

"Sodiamu inatoa elektroni, klorini inaipokea, na nishati inayotoka hapo ndiyo inayounda NaCl. Si ndivyo?"

Hapana, na hesabu yenyewe inakataa. Kung'oa elektroni moja kwenye atomu za sodiamu zikiwa gesi kunagharimu 496 kJ kwa moli. Klorini ikiipokea, inarudisha 349 tu. Tayari una deni la 147.

Na hapo bado hatujalipia maandalizi. Sodiamu ngumu lazima igeuzwe kuwa atomu za gesi: 107. Molekuli ya Cl₂ nayo lazima ivunjwe. Kwa kuwa tunahitaji atomu moja tu ya klorini, tunahesabu nusu ya 244, yaani 122. Jumla ya deni ni 107 + 122 + 496 − 349 = +376 kJ.

Sasa, vipimo vinaonyesha kwamba NaCl ikiundwa kutoka kwa elementi zake, hutoa 411 kJ (enthalpi ya uundaji ni −411). Basi hatua iliyobaki, ya ayoni za gesi kuvutana na kujipanga kuwa fuwele, lazima ifute deni lote na bado iache ziada hiyo:

−411 − 376 = −787 kJ kwa moli

Hiyo ndiyo enthalpi ya kimiani. Ukipata −909, umesahau kugawa Cl₂ kwa mbili. Ni kosa la kawaida sana. Vitabu vingine huandika +787, kwa sababu vinahesabu kuvunja fuwele badala ya kuiunda.