Kwa nini Tippu Tip ni Mwarabu, na mtoto wa Mhindi ni chotara

Tazama picha ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyefia Unguja mwaka 1905. Ni mtu mweusi, na damu ya Kiafrika ilikuwa katika ukoo wake. Hata hivyo watu wa pwani walimwita Mwarabu bila kusita. Sasa chukua mtu mwenye rangi ya maji ya kunde na nywele za singa, baba Mhindi, mama Mzaramo. Huyo mtaani ataitwa chotara. Ukipima kwa macho, ni huyu wa pili anayefanana zaidi na watu wa baba yake. Kwa hiyo si macho peke yake yanayogawa majina haya.

Kwa Waarabu wa Unguja na Mombasa hesabu ilikuwa ya nasaba, na nasaba hufuata baba. Sheria ya Kiislamu ilimtambua mtoto wa suria kuwa huru na mrithi sawa na ndugu zake wa mama muungwana, mradi baba amemkiri. Ndiyo maana Sayyid Barghash, mtoto wa suria wa Kihabeshi, alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na hakuna aliyemwita Mwarabu nusu. Neno suriama lipo, lakini liliwashukia zaidi wasiokuwa na ukoo mkubwa wa kuwakinga. Mwenye jina kama el-Murjebi au Al-Busaidi alikuwa ameshajibu swali kabla hajaulizwa.

Ndani ya Waarabu wenyewe ndiko historia inakopita rangi kabisa. Mmanga na Mshihiri wakisimama pamoja huwezi kuwatofautisha kwa sura. Mmanga ni Muomani, hasa yule aliyefika karibuni kwa jahazi la kaskazi akafungua kiduka shamba. Muomani wa mjini ambaye babu zake walizaliwa Unguja, mwenye mikarafuu yake, aliitwa Mwarabu tu, na kumwita Mmanga kulikuwa kumshusha. Mshihiri ametoka Hadhramaut, na jina limeshika bandari ya Shihr. Wengi wao walianza kwa uchukuzi na kuuza maji na kahawa, na dharau ya kazi hizo ikaganda kwenye jina.

Dalili za kuwatambua zipo, ila si za usoni. Jina la ukoo likianza na Ba, kama Bawazir au Bajaber, mara nyingi huyo asili yake Hadhramaut. Lakini Barwani, ingawa nalo laanza na Ba, ni la Oman, sawa na Harthi na Riyami. Msikitini, Ibadhi wa Oman husali ameachia mikono, Shafii wa Hadhramaut hufunga. Kipimo hiki nacho kina mpaka wake: Wamazrui wa Mombasa ni wa asili ya Oman lakini wengi ni Mashafii siku nyingi. Na masharifu, ingawa wametoka Hadhramaut hiyohiyo, ni nadra kuwasikia wakiitwa Washihiri, kwani heshima ya ukoo wa Mtume imefunika bandari waliyopandia chombo. Anayewekwa kwa makosa kwenye kundi la Waarabu ni Mbulushi, ambaye babu zake walikuja kutoka Baluchistan kama askari wa sultani.

Kwa Wahindi, lugha ilifuata dini na jamii: Baniani kwa Mhindu, Kalasinga kwa Sikh, kisha Khoja, Bohora, Mgoa. Jamii hizi zilioana ndani kwa ndani. Mtoto wa nje mara nyingi hakupata nafasi katika jumuiya ya baba, hata pale baba alipomlea. Hakuwa na kundi la kuingia, ndipo jina la mchanganyiko likabaki kuwa jina lake. Hapo ndipo chotara lilipopata kazi.

Neno hilohilo ndilo la bwana mifugo: kuku chotara, mbuzi chotara, ng'ombe chotara wa maziwa. Bandani halina ubaya wowote, ni sifa ya kuuzia. Likimgeukia mtu, linabeba harufu ya banda, na ndiyo sababu wengi hulichukia. Mwarabu koko ni baya zaidi, maana koko ni kitu cha porini kisicho na mwenyewe, kama mbwa koko. Shombeshombe ni jepesi kidogo. Vijana huweza kulitumia hata kwa kusifia sura. Kenya utasikia pointi faivu, ambalo angalau linahesabu pande zote mbili.

Mmanga nalo liandike kwa uangalifu. Katika ghasia za Unguja za Juni 1961 wengi wa waliouawa walikuwa Wamanga wa mashamba, na baada ya Mapinduzi ya 1964 neno halikurudi kuwa la kawaida. Katika habari ya leo, andika Mzanzibari mwenye asili ya Oman, tena pale tu asili yake inapohusu habari yenyewe. Katika komamanga na pilipili manga, liache lilivyo.